Malkia wa mapema kwenye chesi, kwa nini anakuponza

Jamani vijana wa Dar mnaojifunza chesi, najua hila ya kwanza mnayofundishana ni ile ya kumtoa malkia haraka akale askari wa f7, maana chumba kile mwanzoni kinalindwa na mfalme peke yake. Twende nayo mpaka mwisho muone.

Mweupe anasukuma askari e4, mweusi e5. Mpaka hapo wote wako sawa, wanagombea vyumba vya katikati, na katikati ina faida kweli, farasi akiwa d4 anafika vyumba 8 ila ukimuweka kona anafika viwili tu. Sasa mweupe anatoa malkia h5, anamtishia askari wa e5. Usikimbilie kusukuma g6 hapo! Atakula e5 kwa cheki halafu anamalizia na ngome yako ya h8. Toa farasi c6, askari kashalindwa na kipande kimetoka. Mweupe analeta askofu c4, sasa f7 inapigwa na wawili, ndio muda wa g6. Malkia anarudi f3, bado anaitolea macho f7, wewe unaleta farasi wa pili f6 unaziba njia.

Hesabu hapo: mweusi farasi wawili nje, kila mmoja katumia hatua moja, wakati malkia kala hatua mbili na amekaa chumba cha farasi wake mwenyewe. Hilo ndo tatizo lenyewe, malkia ni wa thamani kuliko vyote kwahiyo kila kipande kidogo kikimtishia lazima akimbie, na kila akikimbia mwenzako anapata hatua ya bure ya kutoa kingine.

Mweupe mwenye haraka atasukuma g4 ili amfukuze farasi wa f6. Farasi wa c6 anaruka d4, malkia katishiwa, na c2 nayo iko hatarini, basi anarudi d1 alikotoka. Hatua tatu zimeenda bure! Mweusi anafungua katikati kwa d5, askari wa e4 anakula d5, askofu wa c8 anakula g4 na kumtishia malkia tena. Mweupe akiziba kwa farasi e2 kaisha: farasi wa d4 anaenda f3 cheki, mfalme analazimika f1, askofu h3, chekimeti. Ilibidi azibe kwa askari f3, japo hata hivyo nafasi yake mbovu.

Mfalme kafia katikati kwasababu hakupata muda wa kufanya kasling, ile mfalme anasogea vyumba viwili kuelekea ngome na ngome inamruka. Upande mfupi inataka askofu na farasi wawe wametoka tu. Kwahiyo hata mweupe akiacha g4 na kutoa farasi e2 mapema, mweusi anaweka askofu g7 na hatua inayofuata anafanya kasling, malkia wa f3 hana tena cha kushambulia.