Tarehe katika Hati za Kisheria: Siku, Mwezi na Mfuatano

Mpangilio wa tarehe ni utaratibu unaoonyesha ni kipi kinatangulia kati ya siku, mwezi na mwaka. Tanzania na Kenya hutanguliza siku, ilhali Marekani hutanguliza mwezi, na ndiyo maana 03/04/2024 husomwa Tanga kuwa tarehe 3 Aprili na Minnesota kuwa tarehe 4 Machi. Utata huo hutokea pale tu namba zote mbili zisipozidi 12 na zinapotofautiana, yaani katika siku 132 za kila mwaka.

Tuchukue mfano wa kaka anayeishi Minnesota, aliyemtumia dada yake hati ya uwakili ili auze kwa niaba yake kiwanja kilichoko Tanga. Hati ina tarehe 03/04/2024, na mkataba wa mauzo ulitiwa saini Tanga tarehe 20 Machi 2024. Ikisomwa kwa utaratibu wa Tanzania, dada aliuza kiwanja wiki mbili kabla ya kupewa mamlaka. Ikisomwa kwa utaratibu wa Marekani, mamlaka yalitangulia mauzo kama inavyopasa.

Kishawishi ni kuchagua usomaji unaouokoa mkataba, lakini mfuatano unaoingia akilini si ushahidi wa tarehe. Ushahidi hutafutwa kwanza ndani ya hati yenyewe. Ikiwa aya hiyohiyo inasema pasipoti ya kaka itaisha muda wake 11/27/2029, basi mwandishi wake alitanguliza mwezi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 27. Hata hivyo, mhuri na maelezo ya ofisa aliyeshuhudia saini huenda vilijazwa na mtu mwingine, hivyo visomwe peke yake. Jina la siku likitajwa husaidia zaidi: tarehe 4 Machi 2024 ilikuwa Jumatatu, na tarehe 3 Aprili ilikuwa Jumatano.

Baada ya hapo ndipo tarehe zote hupangwa kwa mfuatano: kutolewa kwa pasipoti, kutiwa saini kwa hati, kushuhudiwa kwa saini, mauzo, kisha uhamisho wa miliki. Ushuhuda uliotangulia saini ni kasoro, na tarehe isiyokuwapo kwenye kalenda, kama 29 Februari 2023, ni kasoro iliyo wazi zaidi. (Tarehe ya saini na tarehe ya kuanza kutumika zinaweza kutofautiana kihalali, mradi hati iseme hivyo.)

Anayeandika hati mpya aandike mwezi kwa jina na mwaka kwa tarakimu nne: tarehe 4 Machi 2024. Hati iliyokwisha kutiwa saini haifai kurekebishwa kwa kalamu na aliyeipokea, wala mfasiri hapaswi kugeuza namba zake kimyakimya. Aziache zilivyo na kueleza utata huo pembeni, na kaka mwenyewe atoe kiapo cha maandishi kinachotaja siku aliyotia saini.