Dakika 2 za mgeni rasmi kwenye kituo cha maji

Kazi yangu ni kuwaandikia viongozi hotuba, na inayonitoa jasho kuliko zote ni ile fupi ya kuzindua kituo cha kuchotea maji kijijini. Kwa mtu anayesema bila haraka, dakika 2 ni maneno kama 200, makofi yakiwemo. Akianza kumtaja diwani, mtendaji, mwenyekiti na kamati nzima, dakika ya kwanza imekwisha na fundi hajaguswa. Utambulisho namwachia mshereheshaji. Mgeni anasema "itifaki imezingatiwa", anasonga mbele.

Tuseme ni kijiji cha Kilolo, Iringa, chenye maji ya mserereko: chanzo kiko mlimani, bomba linashuka hadi kwenye tenki, kisha kwenye koki. Mgeni anafungua hivi:

"Kamwene, wazee wangu. Kamwene, akina mama. Maji haya hayakushuka yenyewe. Kuna vijana walichimba mtaro kwenye mawe, mvua ikiwanyeshea. Kuna mafundi waliounga bomba, wakarudi kufukua palipovuja. Naomba msimame tuwaone."

Hapo anyamaze, watu wapige makofi. "Nawashukuru wote walioshiriki" haimsimamishi mtu. Ukitaja mtaro na mawe, aliyeshika sururu anajijua.

Wazee wana shukrani yao, na isichanganywe na ya mafundi:

"Wazee wetu, ninyi ndio mliokataza kulima pale kwenye chanzo. Na mliporuhusu bomba lipite mashambani mwenu, kazi ikaenda. Asanteni sana."

Sentensi hiyo ya mashamba siiandiki kabla sijauliza ofisi ya kijiji na kuona muhtasari wa kikao. Kama kuna mzee bado anadai fidia ya migomba yake, kumshukuru hadharani kwa "kujitolea" ni kuwasha moto, na atanyoosha mkono hapo hapo mbele ya mgeni. Ikiwa hivyo, nabakiza chanzo tu.

Kingine ninachofuta kila mara ni "sasa mtapata maji bure". Sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, inaweka uendeshaji wa skimu za vijijini mikononi mwa vyombo vya jamii vya watoa huduma ya maji, na vyombo hivyo huendesha na kukarabati kwa makusanyo ya watumiaji. Neno moja la mgeni linaweza kumpa mkusanyaji ugomvi wa mwaka mzima. Heshima ya wazee haihitaji ahadi.

Mgeni amalizie kwa kumwita mama mwenye ndoo, afungue koki. Asisubiri ijae: koki ya lita 10 kwa dakika huijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 2, urefu wa hotuba nzima! Na kabla msafara haujafika, fundi awe ameshafungua valvu na kuacha koki wazi mpaka hewa itoke bombani, la sivyo mgeni atafungua koki ikohoe tu huku kamera zikimtazama.