Skwati na raba za kukimbilia: kisigino cha juu na soli ngumu vinasaidia nini?

Swali: Kocha habari, skwati ya kilo 50 nilikua naipiga poa tu ila toka nifike 70 nikishuka chini visigino vinanyanyuka na kifua kinalala mbele, magoti nayo yanacheza cheza. Navaa raba za kukimbilia. Jamaa hapa jimu ananiambia ninunue viatu vya kunyanyulia vyuma, vina nini cha ajabu?

Nzuri ndugu yangu. Hapo umenitajia matatizo mawili, ila umeyafunga kwenye fungu moja. Visigino kunyanyuka na kifua kulala ni habari ya kifundo cha mguu, magoti kucheza mara nyingi ni habari ya soli. Viatu vya vyuma vinagusa yote mawili ila kwa njia tofauti, ndo maana kuna mtu vinamsaidia sana na mwingine anavaa haoni kitu.

Tuanze na kifundo. Ukichuchumaa hadi chini lazima goti liende mbele ya vidole kidogo, na ili liende, ugoko inabidi uiname kuelekea mbele wakati kisigino bado kiko chini. Sasa kama kifundo chako ni kigumu ugoko unafika mahali unagoma, na we bado unataka kushuka, basi mwili unatafuta upenyo kwingine: ama kisigino kinanyanyuka, ama nyonga zinarudi nyuma na kifua kinalala mbele ili usianguke chali, ama unyayo unalalia ndani na goti linafuata. Kwa hiyo kifua kulala sio lazima iwe mgongo dhaifu kama watu wanavyopenda kusema.

Kiatu cha vyuma kisigino chake kimezidi sehemu ya mbele kwa milimita 15 hadi 22 hivi, vingi viko kama 20. Kutoka kisigino hadi pale vidole vinapoanzia ni kama sentimita 19 kwa mguu wa kawaida, ukipiga hesabu unapata mteremko wa nyuzi 6. Yani kabla hujaanza kushuka ushapewa nyuzi 6 za bure, ugoko unaweza kuinama zaidi, goti linaenda mbele, nyonga hazina haja ya kukimbilia nyuma sana na kifua kinabaki juu. Ni hilo tu, hakuna uchawi.

Swali: Lakini raba yangu nayo kisigino kiko juu na ni nene kuliko hivyo viatu, si ingetosha?

Swali zuri hili na wengi wanakosea hapa. Kwanza unene sio mteremko. Raba inaweza kua na sponji ya sentimita 3 na nusu nyuma na 2 na nusu mbele, kwa hiyo tofauti ni milimita 10 tu, nyingine 4, nyingine hakuna kabisa. Pili hata hizo 10 ni za raba isiyobebeshwa kitu, ukisimama na chuma begani sponji inabonyea, na haibonyei sawa, inabonyea pale uzito ulipo.

Sio kwamba raba haiwezi kubeba uzito, maana ukikimbia mguu mmoja unapokea mara 2 au zaidi ya uzito wako. Tofauti iko kwenye muda. Kwenye kukimbia mguu unagusa chini robo sekunde hivi afu umeshaondoka, sponji imetengenezwa kubonyea na kurudi. Kwenye skwati unasimama hapohapo sekunde 3 au 4 kila mara na unatafuta balansi. Uzito ukisogea kidogo tu kuelekea ndani ya unyayo, sponji ya ndani inabonyea zaidi, ikibonyea mguu unazidi kulala ndani, ukilala sponji inabonyea tena. Goti linacheza hapo. Na chini kabisa unapotaka kusukuma, sehemu ya ule msukumo inaishia kukandamiza sponji.

Soli ya kiatu cha vyuma ni plastiki ngumu, zamani zilikua mbao au ngozi zilizopangwa, haibonyei. Ukitaka kujua raba yako ikoje, bonyeza soli kwa dole gumba pembeni kwenye kisigino, likizama ujue ni laini mno. Au mwambie mtu akurekodi kwa nyuma, simu iwe chini usawa wa kisigino. Utaona ukuta wa sponji unakunjamana upande mmoja.

Ila kwa kilo ndogo, mtu anajifunza na chuma kitupu, raba haina shida kubwa, usikimbilie kutoa hela.

Swali: Nitajuaje sasa shida yangu ni kifundo au soli?

Vua viatu upige goti mbele ya ukuta, mguu unaopimwa ndo uwe mbele. Kisigino kibaki chini, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Ikigusa sogeza mguu nyuma kidogo urudie, mpaka uwe mbali kabisa lakini bado goti linagusa, afu pima kutoka kidole gumba hadi ukuta. Ukipata kama sentimita 10 kwenda juu, kifundo mara nyingi sio kikwazo. Ukiwa 5 au 6, kinakubana.

Nilikua na dada mmoja namfundisha, kulia alipata 9, kushoto 5, kumbe aliteguka kushoto miaka ya nyuma. Kila akishuka nyonga ilikua inakwepa kwenda kulia. Nikamwekea sahani mbili za chuma za unene wa sentimita 2 chini ya visigino, bila uzito kabisa, kifua kikanyooka palepale. Ingekua hakijabadilika ningeangalia nyonga au jinsi anavyoshuka. Ila kule kukwepa kulia kulipungua tu, hakukuisha, maana sahani, kama kiatu, zinaongeza nyuzi 6 miguu yote miwili, ile tofauti ya kushoto na kulia inabaki vilevile. Ikabidi afanye lile zoezi la goti na ukuta, mara 12 seti 3 karibu kila siku, baada ya wiki 8 kushoto ikafika 7.

Hizo sahani ni za kupimia tu, usizipigie skwati nzito, zinateleza na katikati ya unyayo inabaki hewani.

Kwako wewe, kabla ya kununua, piga seti moja ya 70 na raba na nyingine na kiatu chochote bapa chenye soli ngumu. Magoti yakitulia lakini visigino bado vinanyanyuka, basi soli umeitatua na kilichobaki ni kifundo, hapo kisigino cha juu kina maana.

Swali: Havileti shida kwenye goti? Na naweza kuvivaa kwa mazoezi yote?

Goti likienda mbele zaidi misuli ya mbele ya paja na goti lenyewe vinabeba zaidi, mgongo na nyonga vinapumzika kidogo. Kama mbele ya goti panakuuma tayari, viatu hivi vinaweza kupachokoza, anza na uzito wa chini ya ule uliozoea uone siku inayofuata. Likivimba au kukwama kwama, muone daktari.

Kunyanyua chuma kutoka sakafuni navyo sipendi, vinakusukuma mbele na vinakuongezea safari ya kukinyanyua, vaa bapa. Na usikimbie navyo hata kwenye mashine, soli haipindi kabisa, ni kama kukimbia na vipande vya mbao.

Ukivijaribu dukani funga mkanda wa juu ya kiatu uchuchumae navyo. Kisigino kikiteleza ndani, chukua namba ndogo.