Viatu vilivyobaki kikapuni: dhana potofu kuhusu barua pepe ya kumkumbusha mteja

Ninaandika barua pepe za duka la mtandaoni linalouza raba na moka hapa Dar es Salaam. Kila wiki kuna mtu anachagua kiatu, anachagua namba, anaandika anwani yake ya barua pepe kwenye ukurasa wa malipo, halafu anapotea bila kulipa, na kiatu kinabaki kwenye kikapu chake cha mtandaoni. Mfumo wa duka unaweza kumtumia ukumbusho wenyewe. Tatizo ni yale tunayoyaamini kuhusu huyo mtu tunapokaa kuandika huo ukumbusho.

Dhana: Aliyeacha kikapu ameshindwa bei, kwa hiyo mpe punguzo.

Kwanza, kuacha kikapu ni jambo la kawaida kuliko kununua. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikikusanya tafiti za jambo hili, inapata wastani wa vikapu 7 hivi kati ya 10 vinavyoachwa. Wengi wa wanaoviacha walikuwa wanatazama tu. Kwa waliokuwa na nia ya kununua, sababu inayotajwa zaidi ni gharama zinazojitokeza mwishoni, hasa usafiri. Mteja ameikubali bei ya kiatu, kisha anafika ukurasa wa mwisho anakuta nauli ya boda imeongezwa juu yake. Hapo ndipo anapofunga simu.

Viatu vina sababu yao nyingine, nayo ni namba. Fungua kikapu kilichoachwa ukitazame vizuri. Ukikuta raba ileile imewekwa mara mbili, moja namba 39 na nyingine namba 40, huyo hajashindwa bei. Hajui ipi itamtosha. Ukimtumia punguzo la asilimia 10 bado hatajua, maana swali lake hujaligusa.

Wapo pia waliokwama kwenye malipo yenyewe. Ujumbe wa kuweka namba ya siri umechelewa kufika kwenye simu, muda umeisha, oda imekufa. Huyu hahitaji ofa yoyote. Anahitaji kiungo kinachomrudisha kwenye kikapu kilekile, na namba ya kupiga akikwama tena.

Dhana: Barua nzuri ni ile inayomtia mteja haraka.

"Zimebaki 2 tu!" "Tumekuwekea zako!" Sentensi hizi zinaandikwa bila kuangalia stoo. Kwenye mifumo mingi ya maduka kikapu hakishiki mzigo. Kiatu kinapungua kwenye hesabu pale oda inapokamilika. Kwa hiyo "tumekuwekea" ni ahadi ambayo duka halijaitimiza, na mteja akirudi kesho akakuta namba yake imekwisha, atakukumbuka kwa hilo. Andika kilicho kweli: bado zipo.

Hii ndiyo barua ninayoitumia siku ya pili kwa aliyeacha raba. Ile ya kwanza hutoka baada ya muda wa saa 3 hivi tangu kikapu kiachwe, ni fupi, ina picha ya kiatu na kiungo, haina ofa.

> Kichwa: Raba nyeupe namba 39 bado zipo
>
> Habari za leo,
>
> Jana uliacha raba nyeupe kwenye kikapu. Mpaka tunakuandikia, namba 39 bado ipo.
>
> Kama unasita kuhusu namba: simama juu ya karatasi, pima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Ukipata sentimita 24.5, chukua 39. Ukizidi hapo, chukua 40, maana raba hizi zinabana kidogo mbele. Isipokutosha, tunakubadilishia ndani ya siku 7 bila gharama, mradi hujaivaa nje.
>
> Ukikamilisha oda kabla ya Ijumaa saa 2 usiku, nauli ya boda ndani ya Dar es Salaam ni juu yetu.
>
> Rudi kwenye kikapu chako
>
> Ukiwa na swali, jibu barua hii. Inasomwa na mtu.

Kichwa kinataja kiatu na namba kwa sababu ndicho mteja alichokichagua kwa mkono wake. Anakitambua hata kabla hajafungua. Maelezo ya kipimo yanatangulia ofa kwa makusudi. Ofa yenyewe ina mwisho unaoeleweka, na huo mwisho ni wa kweli: Ijumaa ikipita, mfumo unatoza nauli kama kawaida.

Dhana: Ofa ndogo haina gharama, kwa kuwa bila hiyo usingeuza kabisa.

Tupige hesabu kwa mfano. Raba inauzwa shilingi 75,000, na mpaka iwe kwenye boksi tayari kutumwa imeligharimu duka 52,000. Faida ni 23,000. Punguzo la asilimia 10 ni 7,500, yaani karibu theluthi ya faida. Nauli ya 5,000 ni nafuu zaidi, na inagusa kile kilichomkwaza mteja.

Sasa gawa vikapu 200 kwa bahati nasibu. Mia moja watumie barua, mia moja usiwatumie chochote. Tuseme walioandikiwa wananunua 14, na wasioandikiwa wananunua 9. Mfumo utakuonyesha kwamba barua imeleta mauzo 14. Ukweli ni kwamba imeleta 5, kwa sababu kama 9 wangerudi wenyewe. Faida ya hao 5 ni 115,000. Kama wote 14 wamepewa punguzo, umetoa 105,000, umebaki na 10,000. Lakini kama ofa ni ya nauli na imewekwa kwenye barua ya pili tu, na 8 kati yao wakawa wamenunua kabla haijatoka, umetoa nauli kwa watu 6: shilingi 30,000. Zinabaki 85,000.

Vikapu mia kila upande ni vichache, na tofauti ya watu 5 inaweza kuwa bahati tu. Acha mgawanyo huo uendelee miezi kadhaa kabla ya kuamua. Na usitegemee idadi ya waliofungua barua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kujipakilia picha za barua hata kama mwenye simu hajaigusa, na mifumo huhesabu kupakiwa kwa picha kuwa barua imefunguliwa, hivyo hesabu hiyo inavimba. Hesabu oda zilizolipwa.

Kuna mteja anayejifunza haraka: anaacha kikapu kila mara ili asubiri ofa. Kwa hiyo aliyekwisha kuipata simpi tena ndani ya siku 90. Anapata ile barua ya kwanza peke yake.

Dhana: Mfumo unajua nani amenunua.

Unajua oda zilizopita kwenye tovuti tu. Hapa kwetu mtu anaweza kupiga picha kikapu chake, akaituma WhatsApp, akauliza "hii ipo?", akalipa kwa lipa namba, na jioni boda akampelekea. Kwa mfumo, kikapu bado kimeachwa. Ilinitokea: mama mmoja alilipia moka za mwanawe kwa njia hiyo, nauli juu yake, na kesho yake akapokea barua yangu ya kumpa nauli bure. Alipiga simu kudai 5,000 yake, na alikuwa na haki. Tulimrudishia.

Tangu siku hiyo anayepokea oda za WhatsApp huiingiza kila oda kwenye mfumo kwa anwani ileile ya barua pepe kabla mzigo haujatoka, na barua ya pili hutoka saa 4 asubuhi, baada ya yeye kumaliza kuingiza oda za jana.