Je, Wajua? Kwa Nini "Meneja" Hapa na "meneja" Pale

"Naandika barua pepe za ofisi kila siku hapa Mbeya. Kwa nini cheo kilekile nakikuta mara kimeandikwa Meneja, mara meneja, katikati ya sentensi? Na majina ya idara je, yaandikweje?"

Katikati ya sentensi ya Kiswahili, herufi kubwa hupewa nomino ya pekee, yaani jina linalomtaja mmoja na kumtenga na wengine wote wa aina yake. Ugumu wa vyeo unatokana na ukweli kwamba cheo kinaweza kuwa nomino ya pekee katika sentensi moja na kuwa nomino ya kawaida katika sentensi inayofuata, bila hata neno lenyewe kubadilika. Neno "meneja" linaweza kusimama mahali pa mtu mahususi anayejulikana kwa mwandishi na kwa msomaji, na linaweza pia kutaja tu aina ya kazi ambayo inafanywa na watu wengi Mbeya, Iringa na kwingineko. Katika matumizi ya kwanza limekuwa jina, nalo huanza kwa herufi kubwa. Katika matumizi ya pili ni maelezo ya kazi, nalo hubaki na herufi ndogo.

Njia rahisi ya kutambua tofauti hiyo ni kujaribu kuweka jina la mtu mahali pa cheo. Chukua sentensi hii: "Meneja wa Kiwanda atafika Tukuyu kesho saa nne." Ukiondoa maneno matatu ya mwanzo ukaandika "Bi. Fulani", sentensi inasimama vilevile na habari ni ileile, kwa hiyo cheo kimetumika kama jina, na kingestahili herufi kubwa hata kama kingekaa katikati: "Tumearifiwa kuwa Meneja wa Kiwanda atafika Tukuyu kesho saa nne." Sasa chukua hii: "Kampuni inahitaji meneja wa kiwanda mwenye uzoefu wa miaka mitano." Hapa huwezi kuweka Bi. Fulani, kwa sababu mtu huyo bado hayupo. Kinachotajwa ni aina ya mtu anayetafutwa. Maneno kama "kila", "yeyote", "mmoja wa" na "baadhi ya" huonyesha jambo hilohilo, kwani yanapoandamana na cheo yanatuambia kuwa wenye cheo hicho ni zaidi ya mmoja au hawajulikani ni nani.

Kitenzi cha Kiswahili nacho husaidia kwa namna ya kupendeza. "Tunatafuta mhasibu" na "Tunamtafuta Mhasibu" ni habari mbili tofauti kabisa: ya kwanza ni tangazo la nafasi ya kazi, na ya pili inaonyesha kuwa mtu anayejulikana ameondoka mezani kwake na watu wanamngoja. Kiambishi "-m-" kimemlenga mtu mahususi, na herufi kubwa inakubaliana nacho. Hata hivyo, kiambishi hicho kichukuliwe kama dalili tu, kwa maana twasema pia "nimemwona dereva mmoja barabarani", ambapo dereva huyo hatumjui na hastahili herufi kubwa.

Kuna vyeo ambavyo ni nomino ya pekee hata pale ambapo hakuna mtu aliyevishika. "Mkuu wa Mkoa wa Iringa" ni jina la ofisi moja tu nchini, kwa hiyo tunaandika "nafasi ya Mkuu wa Mkoa wa Iringa" kwa herufi kubwa bila kujali kama imejazwa au iko wazi. Jina la mahali ndilo linaloifunga ofisi hiyo isichanganywe na nyingine. Ibara ya 61 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza kwamba kutakuwa na Mkuu wa Mkoa kwa kila mkoa, nayo yaonyesha vizuri jinsi neno moja linavyogawanyika: "Mkoa" ulio ndani ya jina la cheo una herufi kubwa, na "mkoa" unaohesabiwa pamoja na mingine una herufi ndogo. Maandishi ya sheria na mikataba huenda mbali zaidi, yakatoa herufi kubwa kwa kila neno lililopewa tafsiri maalumu mwanzoni mwa waraka, kama vile "Mwajiri", "Kampuni" na "Mkandarasi". Nadhani mazoea mengi ya ofisini yametoka huko. Mtu anayesoma mikataba asubuhi huandika barua pepe mchana akitumia herufi kubwa za mkataba, ilhali barua pepe yake haina kifungu chochote cha tafsiri cha kuzihalalisha.

Majina ya idara hufuata kanuni ileile, ila makosa yake ni ya sura nyingine. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni jina lililoandikwa nusu: "Idara ya fedha", "kitengo cha Ununuzi", "Idara ya Mipango na takwimu". Jina la idara ni kitu kimoja kizima, hivyo likiwa jina, maneno yake yote yenye maana huanza kwa herufi kubwa, na viunganishi "ya", "wa", "cha", "za" na "na" hubaki vidogo: "Idara ya Fedha", "Kitengo cha Ununuzi na Ugavi". Vivyo hivyo kwa vyeo vya maneno mawili yasiyotenganishwa na kiunganishi, kama Afisa Utumishi, Mhasibu Mkuu au Katibu Tawala, ambapo maneno yote mawili hupanda pamoja au hushuka pamoja. Jina rasmi linapatikana katika muundo wa taasisi au katika kichwa cha barua yake. Kama huko imeandikwa "Idara ya Fedha na Uhasibu", basi hilo ndilo jina, na ukitaka kufupisha waweza kuandika "wenzetu wa fedha" kwa herufi ndogo, bila kuunda jina jipya la idara ambalo halimo katika muundo.

Ukiisha kuitaja idara kwa jina lake kamili, unaporudi kwayo kwa neno moja na kiashiria, unaandika "idara hiyo" au "kitengo hicho" kwa herufi ndogo, kwani sasa unaionyesha kwa kidole badala ya kuiita kwa jina. Idara zinapokuwa mbili, waandishi hutofautiana: wapo wanaoandika "Idara za Fedha na Utawala", na wapo wanaoandika "idara za Fedha na Utawala". Mimi nachagua la pili, kwa sababu hakuna idara inayoitwa "Idara za", ingawa Fedha na Utawala ni sehemu ya majina halisi. Neno likipata kiambishi cha mahali "-ni", nalo huteremka, kwa sababu limeacha kuwa sehemu ya jina: tunaandika "Mkoa wa Mbeya" lakini "mkoani Mbeya", "Wilaya ya Rungwe" lakini "wilayani Rungwe", na "idarani" daima kwa herufi ndogo.

Tutazame kanuni hizi zikifanya kazi katika barua pepe ya mfano, inayoweza kutoka katika kampuni ya chai ya Rungwe:

"Tunapenda kuwajulisha kuwa Meneja wa kiwanda alikutana jana na Madereva wa malori pamoja na afisa Ugavi. Idara ya fedha itaanza kulipa madai ya mafuta siku ya Ijumaa, na kila Mkuu wa Idara anatakiwa kupeleka orodha yake kwa mhasibu Mkuu. Aidha, Kampuni inatafuta Fundi Umeme wa kudumu, na Maombi yapokelewe na idara ya utawala Na Rasilimali Watu."

Kiwanda kina meneja mmoja, aliyefanya jambo mahususi jana, kwa hiyo anakuwa "Meneja wa Kiwanda". Madereva ni kundi lisilotajwa kwa jina, nao hubaki "madereva". Afisa ugavi anahitaji swali kabla ya jibu: je, kampuni ina mmoja au watatu? Akiwa mmoja, ni "Afisa Ugavi"; wakiwa watatu, mwandishi aseme "mmoja wa maafisa ugavi", au bora zaidi amtaje kwa jina, maana hapo herufi kubwa ingemdanganya msomaji kwamba anajua nani anayesemwa. "Kila" inamteremsha "mkuu wa idara" pamoja na "idara" yenyewe. Mhasibu Mkuu ni mmoja na anajulikana, kwani orodha zote zinapelekwa kwake. Fundi umeme hajaajiriwa bado, na "maombi" hayakuwa na sababu yoyote ya kukuzwa. Barua inakuwa hivi:

"Tunapenda kuwajulisha kuwa Meneja wa Kiwanda alikutana jana na madereva wa malori pamoja na Afisa Ugavi. Idara ya Fedha itaanza kulipa madai ya mafuta siku ya Ijumaa, na kila mkuu wa idara anatakiwa kupeleka orodha yake kwa Mhasibu Mkuu. Aidha, kampuni inatafuta fundi umeme wa kudumu, na maombi yapokelewe na Idara ya Utawala na Rasilimali Watu."

Wengi watauliza kuhusu heshima, na swali hilo ni la haki. Katika ofisi zetu, kumwandikia mkubwa "mkurugenzi" kwa herufi ndogo huonekana kama kumpunguzia hadhi. Lakini Kiswahili kina njia zake za heshima, kama vile Mheshimiwa, Ndugu, Bi. na Bw., na maneno hayo yanapotangulia jina huanza kwa herufi kubwa wakati wote, sawa na cheo kinachotangulia jina au kinachotumika kumwita mtu: "Naomba, Mkurugenzi, uridhie safari hii." Linaloniudhi ni sentensi kama "Mkurugenzi alimwagiza mlinzi wa lango kuu afungue", ambapo watu wote wawili ni mahususi, kila mmoja akiwa peke yake katika kazi yake, lakini mmoja amepewa jina na mwingine amenyimwa. Kama Mkurugenzi amepanda kwa kuwa ni mmoja na anajulikana, basi Mlinzi wa Lango Kuu naye apande kwa sababu hiyohiyo, au wote wawili waandikwe kwa herufi ndogo kama maelezo ya kazi zao.

Saini iliyo mwishoni mwa barua pepe ina utaratibu wake. Pale cheo ni lebo iliyo chini ya jina, na huandikwa kwa herufi kubwa: "Afisa Utumishi". Mtu huyohuyo akieleza ndani ya barua kwamba "nimefanya kazi kama afisa utumishi kwa miaka saba", neno "kama" limeonyesha kuwa anataja aina ya kazi, na herufi ndogo ndiyo sahihi, hata kama zimebaki sentensi chache tu kufika kwenye saini.

Mwisho, simu nayo huleta makosa ambayo mwandishi hakuyakusudia. Kibodi za simu nyingi huanza neno kwa herufi kubwa kila zinapoona nukta, hivyo baada ya vifupisho kama "Na.", "n.k." au "Kumb." neno linalofuata hukuzwa ingawa sentensi haijaisha, na ndivyo tunavyopata "mafuta, vipuri n.k. Vya malori". Kabla ya kutuma, tafuta kila nukta iliyo katikati ya sentensi, kisha ulitazame neno linaloifuata.