Bei ya alumini inapofuata soko: andika ni soko lipi, ni mwezi gani

Mkazi wa Tanzania amezoea bei inayofuata soko: EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na hakuna anayekwenda kubishana na mhudumu wa pampu. Mkataba wa malighafi unaweza kwenda vivyo hivyo, ila hapa kanuni mnaitunga wenyewe, na kosa la neno moja hulipiwa kila kontena linapoingia.

Tuchukue kiwanda cha sufuria kinachoagiza duara za alumini kutoka nje. Takwimu nitakazotumia ni za mfano. Msambazaji anauza tani kwa dola 3,400, wakati alumini ghafi kwenye Soko la Metali la London, yaani LME, iko dola 2,400. Hizo 1,000 zilizobaki ni primiamu (nyongeza anayolipia ili apate metali yenyewe), ubapazaji, ukataji na nauli ya meli.

Msambazaji akipendekeza kwamba "bei itapanda na kushuka kwa asilimia ileile ya LME", ukubali au ukatae? Piga hesabu kwanza. LME ikipanda asilimia 10 hadi 2,640, bei yako inakuwa 3,740. Lakini metali imepanda dola 240 tu, kwa hiyo haki yake ni 3,640. Dola 100 za ziada ni asilimia 10 ya ubapazaji na nauli, vitu ambavyo havikupanda. Kwa kontena la tani 20 hizo ni dola 2,000. Kweli, LME ikishuka utafaidi wewe, lakini hapo atakayeumia ni yeye, na msambazaji anayeumia huanza kuchelewesha mzigo. Kanuni ninayoipendelea ni fupi:

```
Bei kwa tani = wastani wa LME + 1,000
```

Ina faida nyingine: haihitaji bei ya msingi. Nimeona mikataba ambayo bei imekubaliwa Aprili, lakini fahirisi ya msingi, yaani bei ya LME ya kulinganishia, ikachukuliwa ya Januari, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye rasimu. Tuseme Januari LME ilikuwa 2,200 na Aprili 2,400. Siku ya mapitio ya kwanza msambazaji anadai ongezeko la dola 200, ilhali zilikwishaingia kwenye zile 3,400. Mkilazimika kutumia bei ya msingi, tarehe yake na ya fahirisi yake ziwe za mwezi mmoja.

Sasa neno "wastani wa LME". Likiachwa hivyo halina maana. LME ina bei ya papo kwa papo na bei ya miezi mitatu, nazo hazilingani. Kwa hiyo andikeni jina kama linavyosomeka kwenye skrini, `LME Aluminium Cash Settlement`, kwa dola kwa tani, wastani wa siku zote za soko za mwezi mzima. Msikubali bei ya siku moja. Machi 2022 alumini ilikaribia dola 4,000, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeteremka kwa kiasi kikubwa sana. Anayefunga bei kwa siku moja katika mwezi kama ule anacheza kamari.

Na ni mwezi upi? Mazoea ni mwezi unaotangulia mwezi wa kupakia melini, kwa tarehe iliyo kwenye hati ya shehena. Hapa ndipo penye mtego. Soko likiwa linapanda, msambazaji aliyepaswa kupakia Mei akichelewa hadi Juni anajipatia bei mpya kwa uzembe wake. Ongezeni sentensi hii: akichelewa yeye, itatumika bei iliyo ndogo kati ya mwezi uliopangwa na mwezi halisi. Ukichelewa wewe kufungua barua ya mkopo, itatumika iliyo kubwa. Akikataa nusu hiyo ya kwanza, mwulize kwa nini.

Zile 1,000 nazo zisiguswe kila mwezi. Zipitiwe mara mbili kwa mwaka, tuseme tarehe 1 Januari na 1 Julai, kwa notisi ya maandishi ya siku 30 yenye ushahidi wa nauli na primiamu. Pasipo notisi, kiwango kinabaki palepale. Wastani wa LME wenyewe hauhitaji mazungumzo: msambazaji anatuma jedwali la bei za kila siku ifikapo tarehe 5, nanyi mna siku tatu za kazi za kulihakiki.

Soko nalo linaweza kufunga. Tarehe 8 Machi 2022 LME ilisimamisha biashara ya nikeli na kufuta miamala ya siku hiyo. Kama hilo lingekuwa la alumini, mkataba wako ungesema nini? Kwangu ingetosha hivi: siku zisizo na bei rasmi zinaachwa nje ya wastani, zikizidi kumi ndani ya mwezi, unatumika wastani wa mwezi uliotangulia kwa muda, na tofauti inalipwa kwa ankara ya marekebisho mkishakubaliana rejea mpya.


Mkilipana kwa shilingi, taja pia kiwango cha Benki Kuu na siku yake. Siku ya ankara si siku ya malipo.