Utepe mweupe kwenye minazi si kosa la lenzi yako

Wiki hii nimeletewa tena picha ile ile. Wapiga picha ni tofauti, lakini kasoro ni moja: maharusi wamesimama ufukweni Nyali, minazi iko nyuma yao, anga limetiwa kiza likawa la kupendeza, na kila kuti la mnazi limezungukwa na utepe mweupe. Swali nalo ni moja. "Kaka, hii lenzi ni mbovu? Nikinunua nyingine utaondoka?"

Usinunue lenzi. Fungua faili lako la RAW kabla hujaligusa, likuze hadi 100%, uangalie kuti lile lile. Kama utepe haupo pale, basi umeuleta wewe ulipobonyeza maski ya Sky kwenye Lightroom na kuvuta Exposure chini. Kama upo tangu mwanzo, mwembamba na wenye rangi ya zambarau, hapo tutazungumza habari za lenzi. Katika picha nilizoletewa mwezi huu, hakuna hata moja iliyokuwa hivyo.

Imani inayonichosha ni hii: kwamba kwa kuwa Lightroom imepaka anga wekundu, basi imelikata anga kwa mkasi, huku anga, huku mnazi. Haikukata kitu. Maski ni picha nyingine ya rangi ya kijivu iliyolazwa juu ya picha yako. Palipo peupe, slaida zinafanya kazi kamili; palipo peusi, hazigusi; palipo kijivu, zinafanya kazi nusunusu. Ukingoni mwa kuti, maski ya Sky haitoki kwenye nyeupe ikaruka hadi nyeusi. Inateremka polepole katika pikseli kadhaa, na mteremko huo mara nyingi unaanzia upande wa anga, kabla kuti halijafikiwa.

Sasa fanya hesabu. Umevuta Exposure hadi -1.00, yaani stopu moja, mwanga wa anga umebaki nusu. Zile pikseli za anga zilizo kwenye mteremko hazikupungua kiasi hicho, na zilizogusana na kuti pengine hazikupungua kabisa. Kwa hiyo zina mwanga mara mbili ya anga la jirani. Huo ndio utepe wako. Ni anga la mwanzo lililosahauliwa, halikuongezwa na mtu.

Wapo wanaodhani wataukwepa kwa kugawa kazi: anga -0.50, kisha maski hiyo hiyo iliyogeuzwa kwa ajili ya ardhi +0.50. Tofauti baina ya pande mbili bado ni stopu moja, na mshono unabeba tofauti ile ile. Dehaze na Clarity ndizo zinazozidisha, kwa sababu kazi yake ni kukoleza tofauti za mwanga, na ukingo wa mnazi ni tofauti ya mwanga iliyo tayari.

Ule wekundu nao unakudanganya. Nyekundu juu ya kuti la kijani lililo gizani haionekani vizuri, na kijivu chepesi kinapotea ndani yake. Fungua menyu ya Overlay kwenye paneli ya maski, chagua White on Black, kisha kuza hadi 100%. Hapo ndipo utaona ukweli: mahali palipotakiwa kuwa na makuti yenye nafasi baina yake, kuna doa moja la kijivu kama moshi. Nasisitiza hatua hii kwa sababu kila anayeniletea picha hakuifanya. Anaangalia picha nzima kwenye skrini, anaona wekundu umekaa juu, anaridhika.

Ukishaona, jiulize swali moja tu: maski imezidi au imepungua? Dawa zake hazifanani, na hapa watu wanachanganya.

Ikiwa imezidi, yaani makuti yenyewe yametiwa kiza pamoja na anga, bonyeza vitone vitatu pembeni mwa maski, nenda Intersect Mask With, chagua Luminance Range. Anga lina mwanga, kuti lina kiza. Unabakiza vyenye mwanga peke yake. Nami huanzia 70 hadi 100, kisha navuta kile kishikio cha chini hadi karibu na 55 ili mpito usiwe mkali.

Lakini ikiwa imepungua, na ndivyo ilivyo kwenye utepe mweupe, Intersect peke yake haisaidii chochote. Intersect hupunguza tu. Haiwezi kurudisha anga ambalo Sky haikulichukua. Anza na Add, chagua Brush, zima Auto Mask, na upake makuti yote bila kuogopa, majani na nafasi zake pamoja. Kwa muda huo picha itaonekana imeharibika. Iache. Sasa ndipo ulete Intersect na Luminance Range, nayo itayaondoa majani na kukuachia anga lililo katikati yake. Fuata mpangilio huo: brashi kwanza, Intersect baadaye.

Katika picha moja ya hizi nilifanya hivyo mbele ya mwenyewe. Exposure tuliirudisha kutoka -1.30 hadi -0.80, Dehaze kutoka 35 hadi 10, brashi juu ya minazi mitatu, kisha Luminance Range. Utepe uliondoka kwenye minazi miwili. Wa tatu ulikataa, na nauelewa: jani la mnazi linang'aa, na jua likilipiga kwa ubavu linakuwa na mwanga sawa na wa anga. Luminance Range haina njia ya kuvitenganisha. Anga likiwa buluu hasa, Color Range huweza kukuokoa. Siku za kusi, anga likiwa jeupe kama chokaa, haiwezi. Tuliishia kupunguza Exposure ya maski nzima hadi -0.50 na kukubali anga lisilo na makeke. Bado nasitasita kama hata hiyo haikuzidi.

Kwenye upeo wa bahari situmii Sky kabisa. Ukungu wa chumvi unaunganisha maji na anga taratibu, na Linear Gradient ndefu inafanana na hali hiyo kuliko ukingo wowote wa kubuniwa.

Maski ya Background, ile inayochukua kila kitu kilicho nyuma ya watu, ina adabu zake. Angalia pembetatu iliyo baina ya kiwiko na kiuno cha bwana harusi: mara nyingi imehesabiwa kuwa ni sehemu ya mtu, kwa hiyo inabaki na mwanga wakati ufukwe wote umetiwa kiza. Brashi ya Add inamaliza. Shela ndiyo ngumu, kwa sababu ni kitambaa kinachopitisha macho, nayo maski huamua kwamba yote ni bibi harusi. Ongeza Brush yenye Flow ya 20 au 30 na upake polepole pale bahari inapoonekana kupitia shela, hadi kiza cha ndani kikaribiane na cha nje. Usikifikishe sawa, kitambaa cheupe kina mwanga wake.

La mwisho ni kuhusu kunakili mipangilio kwenye picha mia tatu. Sky na Background hukokotolewa upya kwa kila picha. Brashi haikokotolewi, inabandikwa pale pale ulipoipaka. Ukisogea hatua mbili kulia, brashi ya mnazi itakuwa juu ya kanzu nyeupe ya bwana harusi, na Luminance Range itaipokea kanzu hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu nayo ina mwanga. Nakili Sky peke yake, na brashi ya minazi uipake kwa mkono kwenye zile picha zinazokwenda kwenye albamu.